Umeingia Mara Moja, Umelipwa Mara Ishirini na Tano

Tuseme kuna gemu ambayo mchezaji anapita kwenye uchochoro wa mji wa zamani. Mwishoni mwa uchochoro mtengenezaji ameweka eneo lisiloonekana, lenye urefu wa mita 2, na kazi yake ni ndogo tu: mchezaji akiingia humo, apewe sarafu 10 na kengele ilie. Mtengenezaji anawasha gemu, anamtembeza mhusika wake hadi pale, anapita. Pembeni mwa skrini hesabu ya sarafu inaruka kutoka 0 hadi 250. Anaanza upya, safari hii kwa kukimbia, na anapata 130. Anaanza tena, anamsimamisha mhusika katikati ya eneo huku akikuna kichwa, na akija kutazama anakuta sarafu zimefika elfu tano. Kengele nayo haikulia. Ilinguruma.

Wanaotengeneza gemu huliita eneo la namna hii triga, na hitilafu hii huwapata karibu wote katika miezi yao ya mwanzo. Ajabu yake ni kwamba msimbo haujavunjika popote. Hakuna onyo jekundu, gemu haizimiki, kila mstari unafanya kile ulichoandikiwa kufanya. Kilichokosewa ni swali ambalo mtengenezaji aliiuliza mashine, na ili tuone swali hilo liko wapi, inabidi kwanza tujue gemu inavyoenda.

Machoni gemu inaonekana inatiririka, lakini ndani yake inaruka kutoka kituo hadi kituo. Skrini huchorwa upya mara 30, 60 au 144 kwa sekunde, kutegemea kifaa, na kila mchoro mmoja huitwa fremu. Sambamba na hapo kuna saa nyingine ya mambo ya kimwili: vitu kuanguka, kugongana, kuingiliana. Katika Unity, injini ya gemu inayotumiwa na wengi, saa hiyo ya pili imepangwa tangu mwanzo kupiga kila baada ya sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde. Kila inapopiga, injini hupitia maumbo yote yaliyomo na kuangalia lipi limegusana na lipi.

Basi mtengenezaji wetu aliandika hivi:

```csharp
void OnTriggerStay(Collider other)
{
    if (other.CompareTag("Player"))
    {
        sarafu += 10;
        kengele.Play();
    }
}
```

Jina la kazi hiyo ndilo lenye siri yote. `OnTriggerStay` huitwa kila saa ya kimwili inapopiga, maadamu umbo la mchezaji bado limo ndani ya eneo. Mhusika anatembea mita 4 kwa sekunde, eneo lina mita 2, kwa hiyo anakaa ndani nusu sekunde. Tukiuacha pembeni unene wa mwili wake, nusu sekunde ni mapigo 25. Mapigo 25 mara sarafu 10 ni 250. Akikimbia mita 8 kwa sekunde anakaa robo sekunde tu, mapigo 12 au 13, na ndiyo maana mara nyingine alipata 120 na mara nyingine 130. Zile elfu tano ni sekunde 10 za kukuna kichwa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuwa ndani ni hali, na hali hudumu. Kuingia ni tukio, nalo hutokea kwenye nukta moja ya wakati na kwisha. Mlinzi wa geti aliyeambiwa aandike jina la kila anayeingia atajaza kurasa chache kwa siku. Mwambie badala yake kwamba kila akiinua macho na kumwona mtu uani aandike jina lake, na daftari litakwisha kabla ya adhuhuri, ingawa mgeni ni mmoja na amekaa tu kwenye benchi. Mlinzi hatakuwa amekosea. Amefanya alichoambiwa.

Kompyuta inahitaji msaada hapa kwa sababu kila pigo ni jipya kwake. Ikiulizwa sasa kama mchezaji yumo, inajibu ndiyo. Ikiulizwa baada ya sekunde 0.02, inajibu ndiyo tena, na jibu la pili halina habari kwamba la kwanza liliwahi kutolewa. Tukio la kuingia halionekani kwenye pigo moja peke yake. Linaonekana tu ukiweka mapigo mawili ubavuni: lililopita hakuwamo, hili yumo. Kwa hiyo anayetaka kujua kuingia lazima awe na kumbukumbu ya pigo lililotangulia, iwe anaitunza mwenyewe au injini inamtunzia.

Unity inamtunzia. Ndani yake kuna orodha ya jozi za maumbo yaliyokuwa yamegusana kwenye pigo lililopita, na kila pigo jipya hulinganishwa na orodha hiyo. Jozi mpya huleta `OnTriggerEnter`, jozi iliyobaki huleta `OnTriggerStay`, na iliyotoweka huleta `OnTriggerExit`. Mtengenezaji wetu anaweza kubadilisha neno moja, `Stay` liwe `Enter`, na sarafu zitarudi kuwa 10. Mara nyingi dawa ni hiyo tu na mtu anaendelea na kazi yake.

Ila kabla ya kutibu, afadhali kuwa na hakika ya ugonjwa, na sarafu si mashahidi pekee. Sikiliza ile kengele. Agizo la `Play` kwenye chanzo kimoja cha sauti huanzisha sauti upya kutoka mwanzo, hata kama bado inalia. Likitolewa mara 50 kwa sekunde, sauti ya kengele haipati nafasi ya kwenda zaidi ya kipande chake cha kwanza kabisa, na kipande hicho kikirudiwa mfululizo, sikio linasikia mkwaruzo au mngurumo. Kama faili la sauti linaanza na kimya kidogo, jambo ambalo ni la kawaida kwa sauti zilizorekodiwa bila kukatwa vizuri, hutasikia chochote mchezaji akiwa ndani. Utasikia kengele akishatoka, kwa kuwa hapo ndipo inapoachwa ilie hadi mwisho. Nimeona watu wakitafuta kosa kwenye msimbo wa kutokea, wakiamini kengele imefungwa kwenye mlango usio wake, kumbe kosa liko kwenye kuingilia.

Wengine hutumia `PlayOneShot`, agizo linaloweka sauti mpya juu ya iliyopo bila kuikata. Hapo hitilafu hujitokeza kwa sura nyingine. Kengele ya sekunde moja itakuwa na nakala zipatazo 50 zinazotaka kulia pamoja. Kwa mpangilio wa kawaida Unity hulia sauti 32 kwa wakati mmoja na kuzinyamazisha zinazozidi, kwa hiyo utapata kelele nene iliyopasuka, na huenda muziki wa gemu ukapotea kwa sababu nafasi zimejaa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kuiambia gemu iandike. Weka mstari mmoja wa `Debug.Log` mahali tukio linapofyatuka, kwenye dirisha la ujumbe bofya `Collapse` ili ujumbe unaofanana ukusanywe mstari mmoja wenye hesabu pembeni, kisha msimamishe mhusika ndani ya eneo na usiguse kitu. Hesabu ikipanda na kusimama kwenye 1, uko salama. Ikipanda kwa takriban 50 kila sekunde, msimbo wako umekaa kwenye `OnTriggerStay` au `FixedUpdate`. Ikipanda kwa kasi ya fremu za skrini, 60 au 144, basi umekaa kwenye `Update`. Ikipanda hadi 2 au 3 na kuganda hapo, hilo ni tatizo la aina nyingine kabisa, na nitalifikia.

Kile cha `Update` kina hatari yake ya pekee. Watengenezaji wengi hawatumii triga za injini. Wanapima umbali wenyewe kwenye kila fremu, na umbali ukiwa chini ya mita 3, jambo linafanyika. Ni njia nyepesi na haina ubaya wowote. Lakini likiwa jambo lenyewe ni kupunguza uhai, tuseme pointi 1 kwa kila fremu kutoka kwenye pointi 100, mchezaji mwenye simu inayochora fremu 30 kwa sekunde ana sekunde 3 na ushei za kukimbia. Mwenye kompyuta ya fremu 144 amekufa kabla ya sekunde moja kwisha. Mtengenezaji akijaribu kwenye kifaa chake kimoja ataona kila kitu kiko sawa, na malalamiko kwamba ngazi hiyo haiwezekani yatatoka kwa wale wenye vifaa vizuri tu. Hapo wengi huanza kulaumu wachezaji.

Kwa anayepima umbali mwenyewe, kumbukumbu lazima aitunze yeye. Inatosha kuwa na kigezo kimoja cha ndiyo au hapana:

```csharp
void Update()
{
    float umbali = Vector3.Distance(
        mchezaji.position, transform.position);
    bool yumo = umbali < 3f;

    if (yumo && !alikuwamo)
        FunguaMlango();

    alikuwamo = yumo;
}
```

Mstari wa kuangaliwa zaidi ni ule wa mwisho. Umekaa nje ya `if` kwa makusudi, ili kumbukumbu ihuishwe kila fremu, mchezaji akiwamo na asipokuwamo. Ukiuingiza ndani ya sharti, kigezo kitakuwa ndiyo mara ya kwanza na hakitarudi tena kuwa hapana, na mlango utafunguka mara moja katika maisha yote ya gemu. Ukiupandisha juu ya sharti, `alikuwamo` na `yumo` zitakuwa sawa kila wakati na mlango hautafunguka kamwe. Ni mistari hiyohiyo. Mpangilio wake ndio unaoamua.

Sasa nirudi kwa aliyebadilisha `Stay` kuwa `Enter` akadhani amemaliza. Anamjaribu mhusika wake na anapata sarafu 20. Si 250 tena, lakini si 10. Sababu ni kwamba injini inahesabu maumbo, na mhusika mmoja anaweza kuwa na maumbo kadhaa. Mhusika wa kawaida ana kidonge kirefu kinachowakilisha mwili wake, na mara nyingi ana tufe kubwa zaidi la kumsaidia kuokota vitu vilivyo karibu. Yote mawili yakiwa kwenye kitu kimoja chenye lebo ya `Player`, kila moja huingia kwa wakati wake na kila moja huleta `OnTriggerEnter` yake. Dalili hapa ni nzuri sana ukiijua: sarafu 10 za kwanza zinatolewa mhusika akiwa bado hajafika, kwa kuwa tufe limetangulia kugusa, na 10 nyingine zinafuata mwili unapoingia.

Njia safi ya kulimaliza hilo ni kulihamishia tufe kwenye kitu kidogo kilicho chini ya mhusika, kisicho na lebo hiyo, ili triga ilipuuze. Isipowezekana, triga iwe na hesabu yake: umbo likiingia hesabu inaongezeka moja, likitoka inapungua moja, na tukio linafyatuka pale tu hesabu inapotoka 0 kwenda 1. Maana yake ni kwamba mtu ameingia sehemu yake ya kwanza ikiingia, na ametoka ikitoka sehemu yake ya mwisho.

Hesabu hiyo ina udhaifu ambao umewapotezea watu muda mwingi. Inategemea kwamba kila aliyeingia ataagwa, na katika fizikia ya pande tatu ya Unity, kitu kikifutwa au kikizimwa kikiwa ndani ya eneo, `OnTriggerExit` haiji. Mhusika akifa palepale ndani na kitu chake kikaondolewa ili azaliwe upya kwingine, hesabu inabaki 1. Akirudi anaingia, hesabu inakuwa 2, haikutoka 0, mlango haufunguki. Hitilafu imegeuka: iliyokuwa ikilipa mara nyingi sasa hailipi kabisa, tena kwa wale tu waliofia mahali hapo, na kwenye meza ya mtengenezaji haionekani kwa sababu yeye hafi kirahisi. Kwa hiyo anayeweka hesabu aweke pia mahali pa kuifuta: mchezaji anapofufuliwa, triga zote zinazomhusu zirudi 0.

Kuna pia tatizo la mpakani. Mhusika amesimama ukingoni mwa eneo, anapumua, anayumba kidogo kama wahusika wa gemu wanavyofanya wakiwa hawana kazi, na umbo lake linaingia na kutoka kila mara. `OnTriggerEnter` inafyatuka kihalali kabisa kila anaporudi ndani. Tena anayepima umbali ana bahati hapa, kwani dawa ni ya kubadilisha namba tu: kuingia kuhesabiwe chini ya mita 3, kutoka kuhesabiwe zaidi ya mita 3.5. Kile kipande cha nusu mita katikati hakibadilishi chochote; ukikifikia ukiwa ndani unabaki ndani, ukikifikia ukiwa nje unabaki nje. Kwa triga za injini, wengi huweka maeneo mawili, dogo la kuingilia ndani ya kubwa la kutokea.

Tatizo hili lote ni la zamani. Quake, gemu ya id Software ya 1996, ilikuwa na lugha yake ya kuandikia kanuni za mchezo, QuakeC, na msimbo huo ulitolewa hadharani, kwa hiyo mtu anaweza kuusoma hadi leo. Humo, eneo likiguswa huitwa tena na tena maadamu mchezaji amelikanyaga. Injini haikutofautisha kuingia na kubaki. Waandishi wake walipambana nalo kwa saa. Eneo la aina ya `trigger_multiple` likishafyatuka linapumzika kwa muda unaoitwa `wait`, ambao usipoandikwa ni sekunde 0.2, na kugusa kokote ndani ya muda huo kunapuuzwa. Eneo la `trigger_once` limepewa `wait` ya -1, yaani likishafyatuka limekwisha.

Hiyo ya kupumzika haijibu swali la kuingia. Ukisimama ndani ya `trigger_multiple`, itafyatuka tena kila baada ya muda wake. Ni kupunguza mvua kuwa manyunyu. Kwa mambo mengi inatosha, na waliocheza Quake hawakulalamika, lakini tazama ilivyotumika kwenye `trigger_hurt`, eneo linaloumiza. Likishamwumiza anayeligusa, pointi 5 kwa kawaida, eneo lote linajizima kwa sekunde moja kisha linajiwasha. Kwa mchezaji mmoja hesabu iko sawa: pointi 5 kwa sekunde. Wakiwa wawili, wa kwanza anaumia, eneo linazimika, na wa pili anayefuata nyuma yake ndani ya sekunde hiyo anapita bila mkwaruzo. Kumbukumbu ilikuwa ya eneo, wakati aliyepaswa kukumbukwa ni mtu. Ukitengeneza gemu ya wachezaji wengi leo, kosa hilo bado linakusubiri: kigezo kimoja cha `alikuwamo` hakitoshi watu wanne, kila mmoja anahitaji chake.

Eneo linaloumiza linanikumbusha kwamba `OnTriggerStay` haipo kwa makosa. Moto unaounguza, maji yanayomaliza pumzi, kitanda kinachorudisha afya, yote hayo ni hali, na yanatakiwa kuendelea kadiri mchezaji anavyokaa. Kinachohitajika ni kuandika kiasi kwa sekunde na kukizidisha kwa muda wa pigo. Pointi 10 kwa sekunde mara `Time.deltaTime`, ambayo ndani ya `OnTriggerStay` ni ule muda maalumu wa 0.02, ni pointi 0.2 kila pigo. Uhai wenyewe basi utunzwe kwa namba zenye desimali. Anayetumia namba nzima na kukata desimali atakata 0.2 hadi 0, na moto wake hautamwunguza mtu yeyote hata akilala ndani yake.

Limebaki jambo moja ambalo `Enter` haiwezi kulitatua hata ikiandikwa vizuri. Zile sarafu 10 mwishoni mwa uchochoro zinatolewa kila anapoingia, na mchezaji mjanja atatoka na kuingia, kutoka na kuingia, hadi ajaze mfuko. Kama nia ni kumlipa mara moja katika mchezo mzima, triga inahitaji kigezo cha pili, `imeshalipa`, kisichofutwa anapotoka. Kigezo hicho kikikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, kitapotea gemu ikizimwa, na kesho yake sarafu zitakuwa pale tena. Kiandikwe kwenye faili lilelile linalohifadhi hesabu ya sarafu, na viandikwe kwa pamoja. Kikihifadhiwa kimoja kabla ya kingine na gemu ikazimika katikati, mchezaji atalipwa mara mbili au hatalipwa kabisa.